Sufu Inakunywa Maji Kuliko Pamba, Wacheni Hiyo Stori

Juzi tena mteja amenishika pale mlangoni akaniambia, na uhakika wote duniani, ati sweta ya sufu haikuachi na baridi ukinyeshewa kwa sababu sufu haishiki maji. Mimi kazi yangu ni kufuma sweta hapa Nairobi na kila Julai manyunyu yakianza hii stori inarudi. Jamani, sufu inashika maji, tena sana. Chukua sweta ambayo ikikaushwa kabisa kabisa ina gramu 300. Ukiitundika tu chumbani siku ya kawaida inavuta unyevu wa kama gramu 45 kutoka hewani, na ukiishika utaapa ni kavu. Pamba ya uzito huo huo inavuta kama nusu ya hapo.

Halafu kuna wale wamesoma kidogo, hao ndio wananimaliza: "sufu ikilowa inatengeneza joto." Ni kweli, lakini nusu. Unywele wa sufu ukivuta mvuke, ule mvuke unageuka maji ndani yake na joto linatoka. Tuseme hiyo sweta umetoka nayo nyumba kavu ukaingia kwa ukungu, ikavuta gramu 50 za mvuke. Joto litakalotoka ni kama lile mwili wako umekaa tu unatoa kwa dakika 20 hivi. Si mbaya. Lakini likiisha limeisha, na tena hapo tumesema mvuke. Mvua ni maji tayari, haina mvuke wa kugeuza, kwa hivyo gramu 50 za mvua zikiingia kwa unywele joto lake halifiki hata la dakika chache. Sasa mtu amelowa tangu saa kumi, saa kumi na mbili bado yuko kwa foleni ya matatu, ananiambia sweta "inamtengenezea joto". Inatengeneza na nini?

Kinachokuokoa kwa mvua ni hewa. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hivyo swali ni moja tu: kati ya ngozi yako na nje kumebaki hewa au kumejaa maji? Pamba ikilowa inalegea, nyuzi zinalala, maji yanatambaa katikati yake mpaka yanajaza kila nafasi na kitambaa chote kinakugandia mgongoni. Sufu ina mawimbi yake ya asili na inaruka kama springi hata ikiwa na maji, halafu unywele wenyewe kwa nje una utando mwembamba wa mafuta, kwa hivyo mvuke unaingia ndani lakini tone la maji linakaa juu likijiuliza liende wapi. Jaribu. Dondosha tone moja kwa sweta na lingine kwa tishati ya pamba, la tishati litapotea ukiangalia. Halafu lowesha zote, kamua ndani ya ngumi, achilia. Sweta itafunguka, tishati itabaki donge. (Sufu iliyopitishwa klorini ili isirudi ikifuliwa, au iliyofuliwa na sabuni kali miaka, tone litazama pia, kwa hivyo usinipigie simu.)

Ya pili ni kukauka. Kila gramu ya maji ikikauka mwilini inakula joto, na hapa sufu na pamba bei ni moja. Hudi ya pamba iliyobeba gramu 150 za maji itakula joto la mwili la kama saa nzima ukiwa umekaa. Tofauti ni kwamba pamba inadai haraka, tena kutoka kwa ngozi ambayo imeigandia, na sufu ni lipa mdogo mdogo.

Hapo sasa niseme kitu ambacho wauzaji hawapendi. Watu wengi wanalinganisha sweta nene ya kufumwa na tishati nyepesi, na sehemu kubwa ya ile tofauti ni unene na ufumaji, si sufu. Suti nyembamba ya sufu ikilowa chapa haina maajabu. Na sweta yoyote ukiichovya kwa ndoo ukaivaa, utatetemeka tu. Mimi ukiniuliza nigawanye ngapi ni mafuta, ngapi ni mawimbi na ngapi ni ufumaji, sitakupa namba, na anayekupa muulize alipima na nguo gani.

Ya mwisho, hiyo sweta yako ya "sufu" pengine ni akriliki. Chomoa uzi kidogo, uchome: sufu inanuka nywele zilizoungua na inaacha jivu linalosagika, akriliki inayeyuka ikawa kidonge kigumu. Na kama ni sufu kweli, usivae vesti ya pamba ndani yake siku ya mvua, kwa sababu ile vesti ndiyo itakayokugandia na sweta itabaki imekaa juu ya kitambaa cha baridi.