“Nafasi zao hazilingani”: dhana potofu kuhusu ratiba ya wanunuzi na wauzaji

Waratibu wa mikutano ya wanunuzi na wauzaji huniletea ratiba zilizokwama na malalamiko yale yale: “Mnunuzi ana kipindi kitupu, muuzaji naye anacho, lakini havilingani. Tuufute mkutano huu, au tuongeze kipindi jioni?” Jibu langu ni hapana, mpaka tuhesabu kwanza.

Dhana: nafasi zisipolingana, mkutano hauwezekani

Mtafute mshiriki mwenye mikutano mingi kuliko wote. Kama mikutano yake haizidi idadi ya vipindi, ratiba isiyomgonganisha mtu yeyote ipo, na hakuna mkutano unaohitaji kufutwa. Dénes Kőnig, mwanahisabati wa Hungaria, alilithibitisha jambo hili mwaka 1916. Kwa hiyo ratiba ikikwama ilhali hakuna aliyezidisha, tatizo liko kwenye upangaji wako, na dawa yake ni kuhamisha mikutano ambayo tayari imeshapangwa. Hapo ndipo waratibu wengi hugoma, kana kwamba mkutano ukishaandikwa umechongwa kwenye jiwe.

Tuseme mnunuzi A anatakiwa kukutana na muuzaji P. A yuko huru kipindi cha 1 tu, na P yuko huru kipindi cha 3 tu. Vishughulikie vipindi hivyo viwili pekee, vingine usiviguse. Anza kwa P: kipindi cha 1 yuko na mnunuzi B. Mhamishie B kipindi cha 3. Lakini B kipindi cha 3 alikuwa na muuzaji R, basi mkutano wa B na R urudi kipindi cha 1. R naye kipindi cha 1 alikuwa na mnunuzi C, basi mkutano wa R na C uende kipindi cha 3, ambacho C alikuwa hana mtu. Mnyororo umeishia hapo. Sasa P yuko huru kipindi cha 1, sawa na A, na wanakutana. Mikutano mitatu imehama, hakuna uliopotea.

Utauliza: je, mnyororo ukizunguka ukamfikia A mwenyewe? Hauwezi. Ukianzia kwa P, kila mnunuzi unamfikia kupitia mkutano wake wa kipindi cha 1, na A hana mkutano kipindi hicho. Lazima uishe kwa mtu mwingine. Kazi yote ni ya dakika chache kwa penseli, ilimradi uifanye kabla ya kuwatumia watu ratiba zao.

Mipaka ipo. Mnunuzi akisema atafika mchana, au muuzaji ataondoka mapema, uhakika huo unavunjika na huenda mkutano ukakosa nafasi kweli. Vivyo hivyo kampuni zinaponunua na kuuza kwa wakati mmoja: kampuni tatu zinazotaka kukutana zote kwa zote zina mikutano miwili kila moja, lakini zinahitaji vipindi vitatu. Ndiyo maana nasisitiza kila mshiriki achague upande mmoja wakati wa kujiandikisha.

Dhana: jumla ya nafasi ikitosha, kila kitu kitatosha

Wanunuzi 20 kwa vipindi 10 ni nafasi 200, na maombi ni 160 tu. Vizuri, lakini kama mnunuzi mmoja ameombwa na wauzaji 15, watano watamkosa hata upange vipi. Mweke ukomo kabla ya kupanga, na zile 10 wapewe kwanza wauzaji ambao naye amewachagua. Anayewahi kubonyeza si lazima awe ndiye anayefaa.

Dhana: jedwali linazuia migongano lenyewe

Linazuia upande mmoja tu. Ukiweka wauzaji kwenye mistari, vipindi kwenye safu, na jina la mnunuzi ndani ya kisanduku, muuzaji hawezi kupangiwa wawili. Mnunuzi anaweza kabisa kutokea mara mbili kwenye safu moja, na macho yaliyochoka hayamwoni. Kwa wauzaji 30 walioanzia mstari wa 2, weka kanuni hii kwenye uumbizaji wa masharti, kuanzia kisanduku B2, ili majina yanayojirudia yapakwe rangi:

```
=COUNTIF(B$2:B$31,B2)>1
```

Na faili liwe moja. Wasaidizi wawili wenye nakala mbili watagonganisha watu kabla ya chai ya saa nne.

Dhana: mkutano wa dakika 20 huanza kila baada ya dakika 20

Basi watu wapae kutoka meza hadi meza? Tenga dakika 5 za kuhama. Wanunuzi wabaki mezani, wauzaji ndio wazunguke, na kengele ilie mara mbili: zikibaki dakika 2, kisha muda unapoisha.