Jedwali la utahini ni nini, na mwongozo wa kusahihishia unaingia wapi?

Jedwali la utahini ni karatasi moja ambayo mwalimu huichora kabla hajatunga swali hata moja la mtihani. Kwenye safu za mlalo anaweka mada zilizofundishwa, kwenye safu za wima anaweka ngazi za kufikiri, na ndani ya kila kisanduku anaandika idadi ya alama. Ukiisoma unajua mtihani utagusa nini na utamtaka mtoto afanye nini na hicho alichojifunza.

Nasisitiza kabla, kwa sababu wengi wetu tunalichora baada ya kutunga, ili faili la mtaaluma lisikutwe tupu. Nimefanya hivyo miaka kadhaa. Mtihani wa namna hiyo unafuata kilicho rahisi kutunga: maswali mengi ya "taja" kutoka mada ya kwanza, halafu mada ya mwisho inapewa kiswali kimoja cha kuziba nafasi. Jedwali linalojazwa nyuma ya maswali linanukuu tu makosa ambayo tayari yameshafanyika.

Tuchukue Sayansi, Darasa la Sita, mtihani wa alama 50. Muhula ulikuwa na vipindi 60: umeme 24, mashine rahisi 15, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula 12, huduma ya kwanza 9. Hivi ni vipindi vilivyofundishwa kweli, si vile vya kwenye azimio la kazi. Tofauti yake utaiona kwenye shajara la somo, maana kuna wiki za mitihani ya majaribio na za mvua ambazo azimio halizijui. Umeme ulichukua vipindi 24 kati ya 60, yaani asilimia 40, kwa hiyo unapata asilimia 40 ya alama 50, ambazo ni 20. Kwa hesabu hiyohiyo mmeng'enyo unapata 10, mashine rahisi 12.5, na huduma ya kwanza 7.5.

Nusu hizo ndizo zinazowasumbua watu. Hesabu ikikupa nusu, amua mwenyewe, na uwe na sababu. Mimi niliipa mashine rahisi 13 na huduma ya kwanza 7, kwa kuwa nilitaka swali refu la wenzo.

Upande wa ngazi, msingi ni mpangilio uliotolewa na Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956, ukarekebishwa mwaka 2001. Una ngazi sita, ila kwa mtihani wa alama 50 ukizigawa zote sita unabaki na visanduku vya alama moja moja ambavyo havipimi kitu. Ninazikusanya ziwe tatu: kukumbuka asilimia 30, kuelewa 30, kutumia na kuchanganua 40.

| Mada | Kukumbuka | Kuelewa | Kutumia | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Umeme | 6 | 6 | 8 | 20 |
| Mashine rahisi | 3 | 4 | 6 | 13 |
| Mmeng'enyo | 4 | 4 | 2 | 10 |
| Huduma ya kwanza | 2 | 1 | 4 | 7 |
| Jumla | 15 | 15 | 20 | 50 |

Tazama safu ya mmeng'enyo. Hesabu kavu ingeipa 3, 3 na 4. Lakini kwa watoto wa umri huu mada hiyo ina majina mengi ya kushika na nafasi chache za kutumia, wakati huduma ya kwanza ni kinyume chake: asiyeweza kuitumia hajaijua. Nimehamisha alama kati ya visanduku huku nikilinda jumla za chini na za pembeni.

Sasa ndipo maswali yanatungwa, na hapa kuna mtego. Ngazi ya swali haitokani na kitenzi chake. "Eleza hatua za kumhudumia mtu aliyeungua" linaonekana la juu, lakini kama hatua hizo ziliandikwa ubaoni na watoto wakazinakili, ni kukumbuka tu. Nililibadilisha hivi: mdogo wako amemwagikiwa na uji wa moto mkononi, jirani anakuja mbio na dawa ya meno, utafanya nini, na utamwambia nini jirani? Alama 4: kumzuia jirani, kutoa sababu, kumwagilia mkono maji safi ya baridi, na kumpeleka kituo cha afya. Mtoto lazima aitoe hatua kwenye daftari aipeleke jikoni kwao. Ila kama mfano huu wa uji na dawa ya meno uliufanya darasani wiki iliyopita, swali limerudi kuwa la kukumbuka. Ndiyo maana anayejua ngazi halisi ya swali ni mwalimu aliyefundisha darasa hilo.

Mwongozo wa kusahihishia unaweza kuvuruga jedwali zima kimyakimya. Swali la wenzo lilikuwa la kisanduku cha alama 6 za kutumia: mzee anainua jiwe la nyutoni 300 kwa mtaimbo wa mita 2, egemeo likiwa nusu mita kutoka kwenye jiwe (uzito wa mtaimbo tumeuacha). Sehemu (a), alama 3: atahitaji jitihada kiasi gani? Jibu ni nyutoni 100, kwa sababu kutoka egemeo hadi mkononi mwake ni mita 1.5.

Mwongozo wangu wa kwanza ulitoa alama 2 kwa kuandika kanuni na 1 kwa jibu. Mtoto aliyeikariri kanuni bila kujua egemeo liko wapi angeondoka na alama 2 kati ya 3. Jedwali linasema "kutumia", usahihishaji unalipa kukumbuka. Nikaiandika kanuni ndani ya swali, kisha nikagawa upya: alama 1 kwa kupata mita 1.5, 1 kwa kuweka namba mahali pake, 1 kwa kukokotoa. Atakayetumia mita 2 zote na kupata 75 anapoteza alama moja tu, kwa kuwa hatua zilizofuata amezifanya vizuri. Hilo liandikwe kabisa kwenye mwongozo, la sivyo msahihishaji mmoja atampa 2 na mwingine sifuri.

Sehemu (b): mzee hana nguvu hizo, asogeze egemeo upande gani, na kwa nini? Kuelekea jiwe ni alama 1, na sababu ni 2: umbali wa mzigo unapungua na wa jitihada unaongezeka. Pande ni mbili tu, hivyo anayebahatisha ana nafasi nusu kwa nusu. Mwongozo ukasema alama ya upande isitolewe pasipo sababu yoyote inayoelekeana nayo.

Jedwali halikuambii kama swali limeandikwa kwa lugha inayoeleweka, wala halipimi ugumu. Kutaja vimeng'enya vitatu na kazi zake ni kukumbuka, na huwashinda wengi kuliko kuchora saketi ya balbu mbili.

Kabla ya kupeleka karatasi kwenye fotokopi, mpe mwalimu mwenzako wa somo hilo maswali pamoja na mwongozo, bila jedwali. Aandike pembeni ya kila alama anadhani ni ya mada gani na ngazi gani, kisha mlinganishe. Mara ya mwisho mwenzangu aliweka alama 3 za umeme kwenye kukumbuka, mimi nilikuwa nimezihesabu kwenye kuelewa. Tulifungua daftari la mwanafunzi mmoja tukakuta mchoro uleule wa saketi, hadi herufi zake. Nikachora mwingine.