Kilimbikizi cha awamu: jinsi jedwali moja linavyotoa wimbi la saini la masafa yoyote

Kilimbikizi cha awamu ni namba nzima ambayo mikrokontrola huiongezea kiasi kilekile kila baada ya muda ulio sawa, na ambayo biti zake za juu huonyesha ni nafasi ipi ya jedwali isomwe wakati huo. Jedwali lenyewe hubeba mzunguko mmoja wa wimbi la saini, yaani saini ya hisabati, ile ya pembe na pembetatu, iliyokokotolewa mapema ili programu isilazimike kuikokotoa upya kila mara. Thamani inayosomwa hupelekwa kwenye kigeuzi cha dijiti kuwa analogi, DAC, au hutumiwa kuamua upana wa pulsi za PWM, ambazo kichujio huzilainisha ziwe volti inayopanda na kushuka bila ngazi.

Ili kuona kwa nini kilimbikizi kinahitajika, tuchukue mikrokontrola ya biti 8 inayoendeshwa na saa ya megahezi 16. Taima yake ikihesabu kutoka 0 hadi 255 na kuanza tena, PWM hujirudia mara 62,500 kwa sekunde, na katika kila mrudio tunaweza kutoa sampuli moja mpya. Jedwali letu lina nafasi 256. Tukisoma nafasi moja kwa kila sampuli, mzunguko mzima hutumia sampuli 256, na masafa yanakuwa 62,500 kugawanya kwa 256, ambayo ni hezi 244.14. Tukiruka nafasi mbili mbili tunapata hezi 488.28. Sasa tuseme tunataka hezi 440, ambazo ziko katikati ya hizo mbili: hakuna mruko wa namba nzima utakaotufikisha huko. Wengine hukimbilia kubadilisha kasi ya taima, lakini njia hiyo hubadilisha pia masafa ya pulsi ambazo kichujio kilipangwa kuzizuia, na bado masafa yanayopatikana huwa machache.

Tunachohitaji ni mruko wa nafasi 1.8022, na hapo ndipo kilimbikizi kinapofanya kazi yake. Badala ya kutunza nafasi ya jedwali peke yake, tunatunza namba ya biti 32 isiyo na alama ya hasi. Biti 8 za juu ni nafasi ya jedwali, na biti 24 za chini ni sehemu ya desimali ambayo haisomwi lakini haipotei. Kiasi cha kuongeza, tukiite hatua, hupatikana kwa kanuni hii:

```
hatua = f × 2^32 / fs
```

Kwa hezi 440 na sampuli 62,500 kwa sekunde, jibu ni 30,236,569.76, ambalo tunalikadiria kuwa 30,236,570. Kazi yote ya kila sampuli inaingia katika katizo fupi la taima:

```c
volatile uint32_t hatua = 30236570;
uint32_t awamu = 0;

ISR(TIMER1_OVF_vect) {
    awamu += hatua;
    OCR1A = jedwali[awamu >> 24];
}
```

Kilimbikizi kikianza na sifuri, nafasi zinazosomwa baada ya hapo ni 1, 3, 5, 7, 9, 10, 12 na kuendelea: mara nyingi mbili mbili, na mara chache moja, ili wastani uwe 1.8022. Namba inapofurika baada ya biti ya 32 hurudi mwanzo ikiwa na masalia yake, na kufurika huko, ambako kwingineko kungekuwa kosa la programu, hapa ndiko kukamilika kwa mzunguko. Hatua ya 1 ingetoa masafa ya takriban hezi 0.0000146, na huo ndio umbali kati ya masafa mawili yanayofuatana. Kosa la kukadiria hatua yetu ni dogo kuliko hapo. Kosa la kristali ya saa ni kubwa mno likilinganishwa nalo, kwa sababu kristali iliyokosea kwa sehemu 20 kati ya milioni hupotosha hezi 440 kwa takriban hezi 0.009. Faida nyingine ni kwamba tukibadilisha hatua, awamu huendelea kutoka pale ilipofikia, kwa hiyo wimbi hubadili masafa bila kukatika.

Kuacha kusoma biti za chini kuna gharama yake. Wimbi hubeba vijimawimbi vya ziada, na kwa nafasi 256 kikubwa kati yake kinaweza kuwa chini ya wimbi kuu kwa desibeli 48 hivi. Kila tunapoongeza nafasi za jedwali mara mbili tunapata takriban desibeli 6 zaidi. Kwa kuwa robo nne za wimbi la saini hufanana, jedwali la robo moja lenye thamani 256 linaweza kutumika kama jedwali zima la nafasi 1,024.

Tuje kwenye kichujio, ambacho naona watu wengi hukichukulia kwa wepesi. DAC hushikilia kila sampuli hadi inayofuata ifike, kwa hiyo kinachohitaji kuchujwa ni ngazi ndogo tu. PWM ni kali zaidi, kwa sababu pini huruka kati ya volti 0 na volti 5 muda wote, hata wimbi linapokuwa katikati. Rezista ya kilo-omu 3.3 na kapasita ya nanofaradi 10 hutoa kichujio ambacho mpaka wake uko kwenye hezi 4,820 hivi. Hezi 440 hupita bila kupungua hata asilimia moja, ilhali masafa ya pulsi hupunguzwa takriban mara 13. Hilo halitoshi: wimbi linapopita katikati, mtetemo unaobaki hufikia takriban volti 0.6 kutoka kilele hadi bonde, wakati ngazi moja ya biti 8 ni volti 0.02 tu. Tukiongeza hatua ya pili ya kuchuja yenye kilo-omu 33 na nanofaradi 1, mpaka unabaki uleule, lakini ukinzani wake ulio mara kumi hauilemei hatua ya kwanza, na mtetemo hushuka hadi karibu ngazi mbili. Hata hivyo, kwenye kilohezi 4 vichujio hivi viwili huacha takriban asilimia 60 ya ukubwa wa wimbi, kwa hiyo anayehitaji masafa hayo kwa nguvu kamili atafute DAC au PWM yenye kasi zaidi.

Kosa linaloonekana wazi zaidi kwenye osiloskopu hutoka kwenye jedwali. Mtu hukokotoa 128 jumlisha 128 mara saini, kisha hukadiria na kuhifadhi katika baiti moja. Kwenye kilele jibu ni 256, ambalo baiti haiwezi kulibeba, nalo hugeuka kuwa 0. Kwa kukadiria hivyo, nafasi saba zilizo kwenye kilele hupatwa na kosa hili, na wimbi lililo laini kila mahali huonekana na bonde jembamba juu ya kila kilele, huku mabonde ya kawaida yakiwa mazima. Anayekiona kichwa kilichopasuka namna hiyo asihangaike na kapasita; abadilishe kizidishi kutoka 128 hadi 127, na jedwali litabaki kati ya 1 na 255.