Kuhariri tafsiri ya mashine ni kazi gani, na bei yake unaipangaje

Huku Malindi kazi za tafsiri siku hizi zinakuja zimeshapikwa nusu. Klaenti anakutumia faili mbili, ya Kizungu na ya Kiswahili kilichotoka kwa mashine, halafu anakwambia "mwalimu, ni kupitia tu, mashine ishamaliza kazi." Hiyo ndiyo wanaita kuhariri tafsiri ya mashine, kwenye imeli utaiona imeandikwa MTPE. Wewe hutafsiri kutoka mwanzo, unasoma asili, unasoma alichotoa mashine, unarekebisha pale palipoharibika na kuacha palipo sawa.

Sasa hapo kwa "kupitia" ndo watu huumia, manake kuna kupitia aina mbili. Kuna uhariri mwepesi, maana iwe sahihi, kisipungue wala kisiongezwe kitu, lakini sentensi ikiwa ngumu kama mkate wa jana unaiacha hivyo hivyo. Na kuna uhariri kamili, msomaji asijue kabisa kama mashine ilipita hapo. Huu wa pili una hadi kiwango chake cha kimataifa, ISO 18587 ya mwaka 2017.

Nikupe mfano. Kuna jamaa wa maboti aliniletea maagizo ya wageni na mabaharia wake, maneno 4,000. Asili ilisema wageni wawe gatini kufikia saa 7 ya asubuhi kwa hesabu ya Kizungu. Mashine ikaandika "Wageni lazima wawe kwenye gati ifikapo saa 7 asubuhi". Inasomeka vizuri tu, ila saa zetu zinaanza kuhesabiwa alfajiri, kwa hivyo hiyo ni saa moja, na mtu akiisoma ilivyo ataduwaa au atakuja saa saba mchana boti ishaondoka zamani. Uhariri mwepesi unageuza 7 kuwa 1 basi. Uhariri kamili unaandika "Tafadhali fikeni gatini kabla ya saa moja asubuhi". Mbele kidogo bamvua, yale maji makubwa ambayo Kizungu huitwa "spring tide", ikawa "mawimbi ya majira ya kuchipua", nahodha gani wa hapa atajua hiyo ni nini?

Ndo maana mimi nasoma asili kwanza halafu Kiswahili. Ukianza na Kiswahili kile cha mashine kinateleza vizuri, jicho linakubali, unapita juu ya kosa bila kulihisi.

Bei sasa. Tuseme kutafsiri mwenyewe unatoza shilingi 5 kwa neno na unamaliza maneno 300 kwa saa, yani unaingiza 1,500 kwa saa. Klaenti anataka nusu bei, 2.50. Kabla hujakubali chukua kipande cha maneno 300, na usichukue ukurasa wa kwanza, chukua wa katikati, washa saa, hariri kwa kile kiwango anachotaka. Mimi cha maboti kilinichukua dakika 50 kwa uhariri kamili. Hiyo ni maneno 360 kwa saa, ukizidisha na 2.50 unapata shilingi 900. Yani mashine "imenisaidia" nikapoteza 600 kila saa! Ili nusu bei inilipe sawasawa ingebidi niende maneno 600 kwa saa, na kwa faili ile haiwezekani. Nikagawanya 1,500 kwa 360, ikatoka kama shilingi 4.20 kwa neno, nikampelekea hiyo pamoja na kile kipande chenye alama za masahihisho aone mwenyewe. Alikubali 4, nikachukua. Akikwambia hataki kusikia habari ya neno, mtoze kwa saa, ni haki zaidi kwa nyote wawili.

Kuna za kukataa lakini. Kipande cha majaribio kikikuonyesha unafuta karibu kila sentensi na kuandika upya, hiyo ni tafsiri imevaa jina la uhariri, iombee bei ya tafsiri au iache. Akikunyima asili pia achana nayo, utajuaje kama mashine imeruka kitu?

Na kubwa kwangu ni dawa au mkataba kwa uhariri mwepesi. Huyo huyo wa maboti alirudi na karatasi ya vidonge vya kichefuchefu cha baharini. Asili ilikataza kumpa mtoto wa chini ya miaka miwili, mashine ikaandika "apewe" badala ya "asipewe". Silabi moja tu ya si, na sentensi yote imenyooka huwezi kuishuku. Akataka nipitie haraka haraka kwa 2.50, jioni awe nayo. Nikamwambia bosi, hii naitafsiri upya kwa 5 kisha mtu wa famasi aisome, ama tafuta mwengine. Akasema atanipigia, hadi leo hajapiga, na ile karatasi sijaiona ikibandikwa kwenye boti.