Ihramu haiendi kwenye begi kubwa

Malalamiko yanayotufikia kila msimu wa Hija yanafanana. Hujaji yuko angani kuelekea Jidda, rubani anatangaza kwamba mikati inakaribia, na ihramu yake imo ndani ya begi kubwa tumboni mwa ndege. Hapo hakuna mhudumu anayeweza kumsaidia. Wanaotoka upande wa kusini hutazamiwa kuhirimia usawa wa Yalamlam, na kwa rai ya wanazuoni wengi, mwenye nia ya Hija au Umra akiupita bila kuhirimia inamlazimu arudi mikatini. Asiporudi, achinje mnyama. Wanaoanzia Madina wana nafasi, maana wao huhirimia Dhul-Hulaifa (Abyar Ali) wanapotoka kwenda Makka.

Kwa hiyo shuka mbili za mwanamume, kandambili zinazoacha vifundo wazi na mkanda wa kuhifadhia fedha vikae kwenye mkoba wa mkononi. Afadhali zaidi, jifunge ihramu uwanjani kabla ya kupanda, kisha utie nia na kuanza talbia mikati inapotangazwa. Choo cha ndege hakitoshi kwa kazi hiyo, hasa foleni ikiwa na watu arobaini. Mwanamke huhirimia kwa nguo zake za kawaida za stara, bila nikabu wala glavu. Wote wabebe sabuni isiyo na manukato, kwa sababu manukato hayatumiki ukishahirimia.

Mkoba huo kwa mashirika mengi hauruhusiwi kuzidi kilo 7, na ndimo zinamokaa pasi ya kusafiria, viza, cheti cha chanjo ya uti wa mgongo aina ya ACWY, na cha homa ya manjano kwa anayetoka nchi inayotakiwa kukionyesha. Chanjo ya uti wa mgongo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Sindano ya jana haikubaliki, na kubishana na afisa hakubadilishi tarehe iliyoandikwa. Dawa za kila siku zibaki katika pakiti zake pamoja na barua ya daktari. Zenye kodeini, tramadoli au diazepamu zinadhibitiwa Saudia, hivyo kibali kiombwe kabla ya safari. Betri ya kuchajia simu nayo ni ya mkononi tu, wala hairuhusiwi kwenye begi kubwa.

Sasa uzito. Soma tiketi yako. Ikiandikwa 2PC, maana yake ni mabegi mawili, kwa kawaida kila moja kilo 23, na kila moja hupimwa peke yake. Wengi hufikiri wamepewa kilo 46 za kugawa watakavyo. Sivyo. Begi la kilo 27 na jingine la 19 jumla yake ni 46 hizo hizo, lakini la kwanza litatozwa kilo 4 za ziada. Ikiandikwa 30K, hapo ndipo uzito huhesabiwa kwa jumla. Begi moja likizidi kilo 32 hukataliwa hata ukiwa tayari kulipa, kwa kuwa linabebwa na watu.

Mizani ya bafuni inatosha. Panda nalo, kisha panda bila nalo, utoe. Tuseme mizani inasoma 86 ukiwa nalo na 70 ukiwa peke yako: begi ni kilo 16. Ndivyo inavyotakiwa wakati wa kwenda, maana zinabaki kilo 7 za kurudi na tende na misala. Anayeondoka na 22 zilizojaa unga na mchele ndiye tunayemkuta amefungua begi sakafuni uwanja wa Jidda.

Na Zamzam haiingii ndani ya begi, hata ikifungwa kwa nailoni tabaka tatu. Mamlaka ya anga ya Saudia imekataza. Chukua chupa ya lita 5 iliyofungwa rasmi, na uulize mapema kama shirika lako huibeba nje ya kilo zako.

Kwa Mina, Arafa na Muzdalifa begi kubwa hubaki hotelini. Beba begi dogo la mgongoni: ihramu ya akiba, mkeka mwepesi wa kulalia Muzdalifa, dawa za siku tano na chupa ya maji. Vijiwe vya kurushia Jamarati vipo huko huko, usivibebe kutoka nyumbani.

Kadi ya Nusuk utakayopewa ukifika ikae shingoni, isiachwe ndani ya begi hilo. Hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba una kibali. Katika msimu wa 2025 aliyekamatwa akihiji bila kibali alikabiliwa na faini ya hadi riyali 20,000, na mgeni aliyeingia kinyemela au kupitisha muda wake alirudishwa kwao na kuzuiwa kuingia Saudia kwa miaka 10. Viza ya kutembelea si viza ya Hija, hata aliyekuuzia akikuapia.