Je, wajua? Safari ya dosie ndani ya komini

“Mlifanyaje hata vibali vya vituo vyenu vya klorini vikatoka kwa siku nne, na sisi tulingoja wiki sita?”

Mratibu mwenzangu wa hapa Lubumbashi aliponiuliza hivyo kuhusu vituo hivi, yaani meza za kutia dawa ya klorini katika maji ya watu wanaochota kisimani, nilimwambia kwamba sifa si yetu, bali ni ya Mama mmoja, afisa wa komini, ambaye tangu siku ile namdai shukrani isiyokwisha. Simtaji jina kwa sababu sikumwomba ruhusa, ila alichokifanya nakijua hatua kwa hatua.

Kwa kawaida barua ya maombi hupokelewa kwenye sekretarieti, ikagongwa muhuri na kuandikwa katika daftari, kisha hupanda kwa bugumesta, naye huandika pembeni ni huduma gani iishughulikie. Huduma ya usafi ikimaliza, dosie hurudi sekretarieti ndipo ielekezwe kwa huduma ya ardhi na barabara, na baada ya hapo kwa mkuu wa mtaa. Katika safari hiyo kazi yenyewe huchukua saa chache tu. Siku nyingi hupotea dosie ikiwa imelala mezani ikisubiri mtu wa kuibeba. Na ikipatikana kasoro katika ofisi ya tatu, hurudi mwanzo kabisa.

Mama huyo alifanya mambo mawili. Kwanza, siku ya Jumatatu tuliyoleta maombi ya vituo sita, aliyasoma yote mpaka mwisho sisi tukiwa tumekaa mbele yake, akatuambia kasoro zote kwa mara moja. Zilikuwa mbili: mwenye lupango lililopakana na kituo cha nne hakuwa ametia sahihi, na hatukuonyesha mahali ambapo klorini ingehifadhiwa. Kasoro ya pili ilikuwa nzito kuliko tulivyodhani, kwa kuwa unga ule hautakiwi kukaa kwenye unyevu wala karibu na mafuta au asidi, nasi tulikuwa tumepanga kuuweka katika chumba kimoja na jenereta. Jioni ile ile tulipata chumba kingine, kikavu, chenye madirisha mawili, na sahihi ya jirani pia.

Pili, hakungoja dosie izunguke. Alitoa nakala tatu, akazipeleka yeye mwenyewe kwa huduma zote tatu, akawapa siku moja ya kwenda kuona mahali kwa pamoja. Jumatano asubuhi tulitembea wote toka kisima hadi kisima. Kwenye kisima cha pili alisimama, akahesabu hatua toka meza yetu hadi njia ya magari, akasema foleni ya bidoni ingefika barabarani. Tukahamishia meza upande wa ukuta palepale, na mkaguzi wa barabara akaandika kwamba hana pingamizi. Kama angeyaona hayo peke yake, wiki moja baadaye, ingehitajika barua nyingine.

Aliuliza pia swali ambalo maafisa wengi hawaliulizi: nani atapima maji baada ya kutiwa dawa? Nilimweleza kwamba kwa bidoni la lita 20 tunaanza na mililita 4 za mchanganyiko wa asilimia 1, yaani miligramu 2 za klorini kwa kila lita, na kwamba baada ya nusu saa lazima ibaki walau miligramu 0.5 kwa lita. Maji yenye tope hula klorini haraka, kwa hiyo kipimo hurekebishwa kisima kwa kisima. Akataka jina la mpimaji liandikwe kwenye kila kibali, jambo ambalo mpaka leo linatusaidia, maana wakazi wanajua wamwulize nani.

Lazima niseme pia ambalo yeye asingeweza kulifanya. Barua ya daktari mkuu wa zoni ya afya tulikuwa nayo tayari, na bila hiyo asingeweka mkono wake popote, hata kwa saa moja. Mwenzangu alipeleka maombi komini kabla ya kuipata, na nadhani nusu ya wiki zake sita zilikwenda hapo.

Kwetu siku zile zilikuwa na uzito wake. Mvua zilikuwa karibu kuanza. Zikija, vyoo hufurika na maji yake huingia kwenye visima vifupi, na mtu aliyekunywa vijidudu vya kipindupindu huweza kuugua baada ya saa chache tu au siku zisizozidi tano.

Alhamisi mchana alituita, akatukabidhi karatasi sita zenye sahihi ya bugumesta pamoja na risiti ya ada iliyowekwa na sheria, wala hakudai kitu kingine. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi meza ya kwanza ilikuwa wazi, na Mama alipita njiani akienda kazini, akasimama kuangalia bidoni la kwanza likitiwa dawa. Mama, aksanti sana.