Kuifichua draiva mbovu kwa Driver Verifier, na namna ya kutoka kompyuta ikigoma kuwaka

Kompyuta yenye Windows inapoanguka mara kwa mara kwa skrini ya bluu, leo ikiandika IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL na kesho BAD_POOL_HEADER, mara nyingi kuna draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani, inayoandika data nje ya sehemu ya kumbukumbu iliyopewa. Inaharibu data ya programu nyingine, nayo hiyo nyingine ndiyo inayoanguka baadaye. Ndiyo maana ripoti hutaja majina tofauti kila siku, na fundi hubadilisha visivyo na kosa.

Driver Verifier ni zana ya kukagua draiva, nayo imo ndani ya Windows tangu Windows 2000. Ikiiwekea draiva ukaguzi, kila kipande cha kumbukumbu ambacho draiva hiyo inaomba huwekwa mwishoni mwa ukurasa wa KB 4, na ukurasa unaofuata hufungwa. Draiva ikivuka mpaka, Windows husimama papo hapo, mkosaji akiwa bado kazini.

Tuchukue kompyuta iliyoanza kuanguka baada ya kuchomekwa adapta ya Wi-Fi ya USB, ambayo draiva yake tuiite wifiusb.sys. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

```
verifier /bootmode resetonbootfail
verifier /standard /driver wifiusb.sys
```

Kisha washa upya na utumie kompyuta kama kawaida. Mstari wa kwanza unaagiza ukaguzi uzimwe iwapo Windows itashindwa kuwaka. Usichague draiva zote: kompyuta itakuwa nzito, na makosa madogo yasiyohusika yataiangusha.

Ikianguka kwa DRIVER_PAGE_FAULT_BEYOND_END_OF_ALLOCATION, fungua faili lililomo C:\Windows\Minidump kwa WinDbg, programu ya Microsoft ya kuchambua mianguko, na uandike `!analyze -v`. Ukiikuta wifiusb.sys humo, iondoe au tafuta toleo jingine kwa mtengenezaji.

Hatari ni hii: baadhi ya draiva hupakiwa kabla hujaingia kwenye akaunti. Inayokaguliwa ikikosea hapo, kompyuta huanguka, hujiwasha, huanguka tena, na huifikii skrini ya kuzima ukaguzi. Usitegemee mstari ule wa kwanza peke yake. Kabla ya kuanza, tengeneza restore point, yaani hali ya Windows iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Utaulizwa wakati wa kujiokoa, na bila huo data hazifikiki.

Ukinaswa, zima kwa kushikilia kitufe cha umeme kila Windows inapoanza kupakia, mara mbili au tatu, hadi ukurasa wa kurekebisha utokee. Pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4 kuingia Safe Mode, ambamo Windows huwaka na draiva za msingi tu. Humo fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

```
verifier /reset
```

Halafu washa upya. Safe Mode ikikataa, rudi kwenye Advanced options utumie System Restore.

Kompyuta isipoanguka kwa siku moja au mbili, zima ukaguzi kwa amri hiyohiyo, maana hupunguza kasi, kisha ipime draiva nyingine inayotiliwa shaka. Zote zikipita salama, pima RAM kwa Windows Memory Diagnostic: RAM mbovu huharibu data vilevile, na Driver Verifier haikuundwa kuipima.